Friji la tangu 2009: kompresa mpya au friji jipya?

"Shikamoo mzee. Niko Tanga. Nina friji la milango miwili, mtumba wa Ulaya, nililinunua 2009. Siku hizi friza inashika barafu kona moja tu, huku chini maziwa yanachacha, na linanguruma usiku na mchana bila kuzima. Ubavuni kwa nje linatoa jasho. Fundi anataka 280,000 abadili kompresa na kujaza gesi. Jipya la ukubwa huo nimeliona kwa 950,000. Tuliposafiri siku 4 tuliliacha peke yake, na Luku ikashuka uniti 12. Nyumba nzima tunatumia kama uniti 130 kwa mwezi, na elfu 10 inanipa uniti 28. Nitengeneze au ninunue?"

Marahaba, binti yangu. Umenisaidia sana ulipotaja zile uniti 12, maana wengi huniuliza swali hili wakiwa na bei ya fundi na bei ya dukani tu, na kwa bei hizo mbili hakuna anayeweza kujibu. Jibu langu ni kwamba kompresa hiyo usiinunue. Ila kabla hujatoa fedha ya friji jipya kuna mambo mawili ya kukagua, na ukaguzi wenyewe hauna gharama. Ukionyesha ninavyodhani siyo, jibu langu linageuka.

Tuanze na hizo uniti. Uniti 12 kwa siku 4 ni uniti 3 kwa siku. Uniti moja ni wati 1,000 zikiliwa kwa saa moja, kwa hiyo ukizigawa kwa saa 24 unapata wati 125 zinazoliwa muda wote bila kupumzika. Friji zima halifanyi hivyo. Lenye afya hunguruma, likapoa, likazima, likakaa kimya, kisha likawaka tena. Hapa pwani yetu, friji kuukuu la milango miwili lililo salama hufanya kazi kama nusu ya siku au kupita kidogo. Lako linafanya kazi siku nzima hata mlango usipofunguliwa na mtu, kwa maana mlikuwa safarini.

Sasa nenda nyuma ya friji, au fungua mlango uangalie ndani ubavuni karibu na droo ya mboga, utafute kile kibati au karatasi yenye maandishi madogo. Pameandikwa volti, ampea au wati, jina la gesi na gramu zake. Kwa friji la aina yako sitashangaa ukikuta wati 150 hadi 180. Ikiwa kibati kinasema 160 na friji lako linakula 125, hiyo ni habari kubwa. Kompresa hula umeme kulingana na mzigo inaousukuma, na mzigo wake ni gesi. Gesi ikipungua kompresa inakuwa kama pampu inayovuta hewa tupu: inazunguka, inanguruma, lakini haina cha kusukuma, kwa hiyo hula umeme pungufu kuliko kawaida. Kwa kuwa baridi haifiki pale themostati inapoitaka, haizimwi kamwe.

Ile barafu ya kona moja inasema jambo hilo hilo. Gesi inapoingia kwenye friza hupita kwenye njia ndefu iliyokunjwakunjwa ndani ya bati. Ikiwa ya kutosha, bati lote hushika barafu. Ikiwa kidogo, inaisha mwanzoni mwa njia, na barafu hukaa pale inapoingilia tu. Kwa hiyo ugonjwa ninaouona mimi ni gesi iliyovuja. Siwezi kuapa kwamba kompresa yako ni nzima, ila kompresa inayonguruma siku nzima bila kukatika haijajihukumu kuwa imekufa. Muulize fundi wako, kwa heshima, alipima nini kabla ya kuihukumu. Alifunga geji? Alizungushia waya klampu mita akaona ampea ngapi? Kama alisikiliza tu mlio, basi hiyo 280,000 ni ya kukisia.

Nitulie kidogo kwenye hili la gesi, maana ndipo watu wanapopotezea fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Gesi ya friji haiishi kwa kutumika. Si kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na friji linaweza kumaliza miaka 25 na gesi ile ile ya kiwandani. Ikipungua, kuna tundu. Kumwambia mtu "linahitaji gesi" na kumjazia bila kutafuta tundu ni kumuuzia miezi mitatu. Nilifanya hivyo nilipokuwa kijana kwenye ufundi. Nilimjazia mama mmoja mara tatu kwa mwaka mmoja, kila mara akinilipa, na mara ya tatu ndipo nilipotafuta nikakuta mrija umeliwa na kutu nyuma, mahali ambapo ningepaona siku ya kwanza kwa povu la sabuni. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Kazi ya gesi iliyofanywa sawasawa ina hatua zake. Fundi anatafuta tundu kwa kuingiza naitrojeni yenye presha na kupaka povu kwenye viungo. Anaziba kwa kuchomelea. Anabadili filta, kile kijichupa cha shaba nyuma karibu na kompresa, kwa sababu kikishapata hewa ya nje kimeshanywa unyevu na hakitafaa tena. Kisha ananyonya hewa yote kwa pampu, kwa nusu saa au zaidi. Mwisho anajaza gesi kwa mizani, gramu zile zile zilizoandikwa kwenye kibati. Akiruka kunyonya hewa, unyevu unabaki ndani, na unyevu huo huganda mwishoni mwa kapilari, ule mrija mwembamba kuliko hata mlija wa soda, ukaziba njia. Utaujua kwa tabia yake: friji linapoza vizuri saa mbili tatu, linaacha, barafu ya ndani ya mrija inayeyuka, linapoza tena, linaacha tena.

Angalia pia jina la gesi. Friji lililotengenezwa Ulaya miaka ya tisini mwishoni laweza kuwa na R134a, au laweza kuwa na R600a. Hii ya pili inawaka moto. Gramu zake ni chache, mara nyingi 40 hadi 60, lakini fundi akiwasha tochi ya kuchomelea huku gesi imo ndani, anaweza kuungua uso. Na gesi mbili hizi hazibadilishani: kompresa ya moja haifanyi kazi sawasawa na nyingine. Fundi ambaye hakusoma kibati kabla ya kutaja bei, usimpe kazi hiyo.

Mpaka hapa ungedhani nitakwambia utafute tundu, uzibe, ubaki na friji lako. Ingekuwa hivyo kama si lile jasho la ubavuni.

Kati ya bati la nje na plastiki ya ndani kuna povu gumu linalozuia joto lisiingie. Likiwa kavu, bati la nje huwa na joto lile lile la chumba, na halitoi jasho. Baada ya miaka mingi, hasa hapa kwetu pwani ambako hewa ni nzito na ya chumvi, unyevu hupenya kwenye nyufa ndogo na matundu ya kutu, ukaingia ndani ya povu, ukapoa, ukawa maji. Povu lenye maji halizuii joto tena. Baridi unayoilipia inatokea ubavuni, inapoza bati, na hewa ya Tanga ikigusa bati lile inaacha matone, kama glasi ya maji ya barafu mezani. Nimeshafungua ubavu wa friji la namna hii nikakamua povu kwa mkono, maji yakachuruzika kama ya sifongo. Hakuna fundi anayekausha povu hilo. Ndani ya povu hilo hilo ndimo yanamopita mabomba kadhaa, na bomba linalolala majini miaka ndilo linalotoboka. Tundu likiwa humo halifikiki.

Ndiyo maana nasema kagua jasho kabla ya jambo jingine, kwa sababu si kila jasho ni msiba. Wakati wa masika, usiku wenye mvua, hata friji zuri laweza kupata umande mwepesi. Na jasho linaloizunguka fremu ya mlango tu mara nyingi si povu: mafriji mengi yana bomba la moto lililopitishwa nyuma ya fremu kuizuia isitoe jasho, na gesi ikipungua bomba hilo linapoa, fremu inaanza kulowa. Hilo huondoka gesi ikirekebishwa. Unalotafuta ni doa. Futa friji lote kwa kitambaa kikavu saa sita mchana, subiri saa moja, kisha pitisha kiganja ubavu wa kulia na wa kushoto, juu hadi chini. Kama kuna mahali pamoja pa baridi kuliko kwingine, na jasho linarudi hapo hapo, povu limelowa.

Kitu cha pili cha kukagua ni herufi moja au mbili. Kwenye kibati kile kile tafuta SN, N, ST au T, mara nyingi pembeni ya neno "class". Hizo zinaeleza joto la chumba ambalo friji liliundiwa. SN na N mwisho wake ni nyuzi 32. ST ni mpaka 38, na T ni mpaka 43. Mitumba mingi ya Ulaya ni N au SN, kwa kuwa jiko la Ujerumani au Uholanzi halihitaji zaidi ya hapo. Jiko la Tanga mwezi wa Februari, na mkaa unawaka pembeni, linapita 32 bila shida. Friji la N likiwekwa humo linafanya kazi juu ya uwezo wake kila siku, na kompresa mpya haitaibadili herufi hiyo. Kondensa, yaani ule wavu mweusi wa nyuma, ni mdogo kwa hali ya hewa yetu, na povu lake ni jembamba kwa hali ya hewa yetu.

Haya, tuhesabu. Elfu 10 kwa uniti 28 ni kama shilingi 357 kwa uniti. Uniti 3 kwa siku ni uniti 90 kwa mwezi, yaani friji peke yake linakula shilingi 32,130 kila mwezi kati ya zile 46,000 na ushei unazonunua.

Chukua kwanza hali njema kabisa: povu ni kavu, kompresa inabadilishwa, gesi inajazwa kwa mizani, kila kitu kinakwenda sawa. Friji la umri na ukubwa huo, kwa mafriji niliyoyapima hapa pwani, litarudi kwenye uniti 1.9 kwa siku. Hiyo ni uniti 57 kwa mwezi, shilingi 20,349. Jipya, ukichagua vizuri, litakula kama uniti 0.9 kwa siku, 27 kwa mwezi, shilingi 9,639. Tofauti ni shilingi 10,710 kwa mwezi. Jipya linakuzidi kwa 670,000 ukilinganisha na kutengeneza. Gawanya, utapata zaidi kidogo ya miezi 62. Kwa hiyo friji hilo kuukuu likikaa miaka mitano na zaidi bila kukudai senti nyingine, utakuwa hujapoteza kitu kwa kulitengeneza. Swali ni kama friji ambalo unalo tangu 2009, na ambalo lilifika kwako likiwa tayari limetumika, litakaa miaka mitano bila themostati kufa, bila raba kupasuka, bila bomba jingine kutoboka. Mimi nisingeweka dau hapo.

Na hiyo ni hali njema. Ikiwa povu limelowa, friji halitashuka mpaka 57. Litabaki karibu na uniti 2.5 kwa siku, 75 kwa mwezi, shilingi 26,775. Hapo jipya linakuokolea zaidi ya 17,000 kila mwezi, na zile 670,000 zinarudi baada ya miezi 39. Wakati huo huo ile kompresa ya 280,000 inafanya kazi siku nzima kwa ajili ya kupoza hewa ya nje, na kompresa inayofanyishwa kazi hivyo haizeeki vizuri.

Sasa kuna jambo katika barua yako ambalo huenda hukuliona, nalo ndilo lililonifanya niache kusitasita. Umesema nyumba nzima ni uniti 130. Toa 90 za friji, mnabaki na 40 kwa taa, tivii, pasi na feni. TANESCO wana kundi la wateja wa matumizi madogo, D1, kwa majumba yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Humo uniti ni shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, karibu 122 ukijumlisha zote, badala ya hizo 357 unazolipa wewe ukiwa kwenye kundi la kawaida, T1. Ukiwa na friji jipya nyumba yako ni 40 na 27, jumla 67. Uko ndani. Ukiwa na friji kuukuu lililotengenezwa vizuri kabisa uko 97. Uko nje, na utabaki nje.

Uniti 67 kwa bei ya T1 ni kama shilingi 23,900. Kwa bei ya D1 ni kama 8,200. Nyumba iliyokuwa inanunua umeme wa 46,000 itakuwa inanunua wa 8,200. Ukilinganisha na friji kuukuu lililotengenezwa, nyumba ya uniti 97 ambazo ni kama 34,600, unaokoa zaidi ya 26,000 kwa mwezi, na friji linakuwa limejilipa kwa miaka miwili na mwezi mmoja hivi.

Usiiweke fedha hiyo mfukoni kabla hujaipata. Kuhamishwa kundi hakufanyiki kwa siku moja. Unakaa na friji jipya miezi kadhaa, matumizi yanaonekana yameshuka, kisha unakwenda ofisi ya TANESCO ya wilaya yako na namba ya mita kuomba, nao wanaangalia uliyonunua miezi iliyopita. Ukiwa unajaza Luku ya 50,000 kwa mpigo ili "uniti zikae", rekodi yako itaonyesha umenunua uniti nyingi kwa mwezi mmoja, kwa hiyo nunua kidogo kidogo kwa kadiri unavyotumia. Na ukiwa D1, ukivuka 75 katika mwezi, zinazozidi hutozwa 350 kabla ya kodi, ghali kuliko T1 yenyewe. Uniti 67 ziko karibu na mpaka. Pasi ya umeme na jagi la kuchemshia maji ndivyo vitakavyokuvusha, si friji.

Nilisema ukaguzi unaweza kugeuza jibu, na ningependa uufanye kweli. Ukikuta ubavu ni mkavu, herufi ni ST au T, na barafu ikienea sawasawa baada ya kuliyeyusha kabisa na kuliwasha upya, basi huenda gesi ipo na linalozuia friji lisizime ni kitu kidogo. Bana karatasi kwenye mlango uvute: ikitoka bila kushikwa, raba imekwisha. Weka simu ndani ikirekodi video, funga mlango, kisha itazame: taa ikiendelea kuwaka mlango ukiwa umefungwa, swichi imekwama na balbu inapasha friji joto usiku kucha. Sogeza friji utazame ule wavu wa nyuma. Ukiwa umevaa koti la vumbi na mafuta ya jikoni, joto halina pa kutokea. Themostati ikikwama nayo hailizimi friji, lakini hapo utakuta chini vitu vinaganda, kinyume na maziwa yako yanayochacha. Raba, themostati na usafi kwa pamoja, tuseme ni 90,000. Friji likishuka kutoka 90 mpaka 57, unaokoa karibu 11,800 kwa mwezi, na fedha hiyo imerudi kabla ya miezi minane. Hapo ningekwambia litengeneze leo, hata kama una nia ya kununua jipya mwakani.

Ukiamua kununua, usinunue kwa kuangalia lita na rangi. Soma kibati. Utakuta mahali pameandikwa kWh/24h, yaani uniti kwa siku, au kWh kwa mwaka ambazo utazigawa kwa 365. Namba hiyo imepimwa maabara, kwenye chumba chenye joto la kudumu na mlango uliofungwa, kwa hiyo mimi huongeza theluthi moja ninapoipeleka kwenye nyumba ya pwani yenye watoto. Ikiwa imeandikwa 0.7, hesabu 0.9. Ikiwa imeandikwa 1.3, na yapo mapya ya bei nafuu ya namna hiyo, basi hutapata akiba niliyokupigia hapa na hesabu yote inavunjika. Tafuta herufi ST au T. Lenye inveta hula kidogo kwa kuwa kompresa yake hupunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka, lakini lina bodi ya elektroniki ambayo umeme wa kupanda na kushuka unaiua, na bodi ni ghali kuliko themostati kumi. Kwa hiyo usiliwashe bila gadi ya friji, kile kiboksi cha kuchomeka kinachokata umeme ukiwa mbaya na kuuchelewesha dakika chache unaporudi.

Likifika nyumbani liache limesimama saa kadhaa kabla ya kuliwasha kama lilibebwa limelazwa, ili oili irudi kwenye kompresa. Liweke mbali na jiko, na liachie nafasi ya kiganja kizima nyuma na ubavuni. Mengi ya sasa hayana wavu wa nyuma: mabomba ya kutolea joto yamefichwa ndani ya kuta za ubavuni. Ukishika ubavu ukaukuta wa moto usishtuke, ndivyo linavyopumua. Ukilibana katikati ya kabati na ukuta utakuwa umeliziba pua.

Kama 950,000 haipo sasa, angalia kama unahitaji kweli ukubwa huo. Friji la mlango mmoja la lita 150 kwa watu wanne au watano wanaokwenda sokoni kila siku mbili linatosha, linauzwa chini sana ya hapo, na nalo litakuingiza kwenye 75. Mtumba mwingine usinunue bila kuchomeka dukani na kusubiri saa moja nzima uone bati lote la friza likishika barafu, na hata hapo soma herufi kwanza.

La kuukuu, mpe fundi wako. Kompresa ikiwa nzima ina bei, shaba ina bei, na anaweza kukupunguzia gharama ya kulibeba. Mwambie aivue gesi kwa mtungi, asikate tu mrija ikatoka hewani. Ila lisibaki nyumbani. Nimeona nyumba nyingi ambako jipya lilinunuliwa kwa ajili ya umeme, kisha la zamani likahamishiwa barazani "la kupozea maji ya kunywa", likaendelea kula uniti zake 3 kwa siku kama kawaida, na baada ya mwezi wenye nyumba wakanipigia simu kuniuliza mbona Luku haijashuka.